Orodha ile ile, mfumo unaipanga hivi, Excel inaipanga vile. Tatizo liko wapi?

Karani_Kigoma · Jumatatu, saa 3:12 asubuhi

Wakuu, habari za asubuhi. Nina jambo linalonikosesha usingizi tangu wiki iliyopita.

Niko kwenye chama kimoja cha kuweka na kukopa hapa Kigoma. Wanachama ni elfu nne na ushee, na majina yao ni ya kila pembe. Kuna akina Ng'wandu waliofuata dagaa kutoka Usukumani, kuna akina Étienne na Désiré wenye asili ya ng'ambo ya ziwa. Waliosajiliwa enzi za fomu za karatasi wameandikwa kwa herufi kubwa tupu, na waliojisajili wenyewe kwa simu wengi ni herufi ndogo tupu.

Kila robo mwaka tunafanya uhakiki. Mimi nashika karatasi iliyochapwa kutoka kwenye mfumo (PostgreSQL 15), mhasibu anashika Excel yake aliyoipanga A hadi Z, tunasomeana majina. Safari hii hatukufika mbali. Kwenye Excel, asha yuko na akina A wenzake. Kwangu yuko baada ya ZUHURA. Étienne kwa mhasibu yuko kwenye E, kwangu yuko ukurasa wa mwisho kabisa. Ng'wandu kwangu ametangulia Ngassa, kwa mhasibu anakuja baada ya Nguma. Idadi ya watu ni sawa, jumla ya fedha ni sawa, tofauti ni mpangilio tu.

Kinachonichanganya zaidi ni kwamba mwaka jana kitu hiki hakikuwepo. Amri ni ile ile, `ORDER BY jina`, haijaguswa. Nani anakosea hapa, mfumo au Excel?

---

Mwl_Hesabu · saa 3:40 asubuhi

Hilo ni dogo, ndugu. Safu yako imehifadhiwa kama maandishi badala ya namba, ndiyo maana 1 inafuatwa na 10 kisha 2. Badili iwe namba.

---

Karani_Kigoma · saa 3:44 asubuhi

Mwalimu, shikamoo. Ni majina ya watu, siyo namba.

---

Kiboko255 · saa 4:05 asubuhi

Mkuu, kanzidata inajali herufi kubwa na ndogo, Excel haijali. Basi. Andika hivi umalize kazi:

```sql
SELECT jina FROM wanachama ORDER BY LOWER(jina);
```

---

Karani_Kigoma · saa 4:31 asubuhi

Nimejaribu, Kiboko, na kweli asha karudi kwa wenzake. Lakini Étienne bado yuko mwisho, na Ng'wandu bado anamtangulia Ngassa.

---

Mzee_wa_Seva · saa 5:02 asubuhi

Kiboko amepata theluthi moja. LOWER inaondoa tatizo la ukubwa wa herufi na kuyaacha mengine yote palepale, kwa sababu chanzo hakijaguswa.

Inavyoonekana, seva yako hailinganishi herufi, inalinganisha baiti. Kwa hesabu ya baiti, A ni 65, Z ni 90, a ndogo ni 97 na z ndogo ni 122. Ndiyo maana ZUHURA anamtangulia asha: 90 ni ndogo kuliko 97, na mashine haijui kwamba A na a ni ndugu. Kwenye UTF-8 É inachukua baiti mbili na ya kwanza ni 195, kwa hiyo iko nyuma ya kila herufi ya kawaida. Ukiipunguza ikawa é, baiti ya kwanza inabaki 195 vilevile. Ritifaa ya Ng'wandu ni 39, ndogo kuliko herufi yoyote, kwa hiyo Ng' inapita mbele ya Nga.

Excel haifanyi hivyo. Yenyewe inafuata kanuni za upangaji za lugha, zile mafundi wanaziita kolesheni: kwanza herufi yenyewe, alama za juu na ukubwa baadaye. Tena ritifaa na kistari inaviruka kabisa kana kwamba havipo. Kwa Excel, Ng'wandu ni Ngwandu, na Ngw inakuja baada ya Ngu. Kwa hiyo hakuna aliyekosea. Kila mmoja ametii kanuni yake.

Sasa swali langu ni hilo la "mwaka jana haikuwepo". Mlibadilisha nini? Endesha hii ulete majibu:

```sql
SELECT datname, datcollate FROM pg_database;
```

---

Karani_Kigoma · saa 5:20 asubuhi

Mzee, nashukuru. Imeleta `en_US.utf8` kwenye kanzidata zote. Mabadiliko yapo: mwezi wa pili kijana wetu wa kompyuta aliuhamishia mfumo kwenye Docker, kwenye seva mpya.

---

Kiboko255 · saa 5:26 asubuhi

Unaona? Ni `en_US.utf8`. Siyo baiti. Ingekuwa baiti ingeandika `C`. Mzee, hapo umeteleza.

---

Mzee_wa_Seva · saa 5:51 asubuhi

Kiboko, usisome kibandiko ukadhani umeonja kilichomo. Karani, jaribu hii, haigusi data yako:

```sql
SELECT x FROM (VALUES ('asha'),('BARAKA'),
  ('Étienne'),('ZUHURA')) v(x) ORDER BY x;
```

Kama kanuni ya `en_US` inafanya kazi kweli, utapata asha, BARAKA, Étienne, ZUHURA. Kama ni baiti, utapata BARAKA, ZUHURA, asha, Étienne. Pia niambie jina kamili la imeji ya Docker.

---

Karani_Kigoma · saa 6:10 mchana

BARAKA, ZUHURA, asha, Étienne. Imeji ni `postgres:15-alpine`. Kijana anasema aliichagua kwa sababu ni ndogo, inashuka haraka.

---

Mzee_wa_Seva · saa 6:33 mchana

Nilijua tu.

PostgreSQL ikiachwa na mipangilio yake ya kawaida haina kanuni zake za lugha. Inaazima kutoka kwenye maktaba ya C ya mfumo ilimokaa. Debian na Ubuntu wana glibc, ambayo ina kanuni kamili za upangaji. Alpine ina musl, na musl kwenye suala hili ni bubu: inalipokea jina `en_US.utf8` bila kulalamika, halafu inapanga kwa baiti tu. Ndiyo maana Kiboko kaona jina zuri na wewe umeona mpangilio mbovu. Wote mko sawa.

Kwa karatasi ya uhakiki, dawa ya leo ni kuitaja kanuni ndani ya amri yenyewe, utumie maktaba nyingine iitwayo ICU ambayo imo ndani ya imeji hiyo:

```sql
SELECT jina FROM wanachama
ORDER BY jina COLLATE "und-x-icu";
```

Asha na Étienne watakaa mahali pao. Ng'wandu bado atamtangulia Ngassa, maana ICU kwa kawaida hairuki ritifaa. Hilo tutalirudia.

Ila nina swali linalonitia wasiwasi zaidi. Kijana alihamisha vipi? Kwa `pg_dump`, au alibeba folda ya data nzimanzima?

---

Niyo_Buja · saa 6:58 mchana

Mimi niko Bujumbura na kwetu ilikuwa kinyume. Tunatumia MySQL 8, na kanuni yake ya kawaida, `utf8mb4_0900_ai_ci`, haijali alama wala ukubwa wa herufi. Tulimwandikisha mtumishi Desire, kesho yake akaja Désiré, mtu mwingine kabisa, mfumo ukakataa:

```
ERROR 1062 (23000): Duplicate entry 'Désiré'
for key 'watumishi.jina'
```

Mpangilio ulikuwa mzuri sana, tatizo likawa kwamba watu wawili wamefanywa mmoja. Tukabadilisha safu iwe `utf8mb4_0900_as_cs`.

---

Binti_Pwani · saa 7:15 mchana

Niyo, pole, lakini nani aliweka sharti la jina lisijirudie? Hapa Mombasa nina akina Fatuma Ali kumi na wawili kwenye faili moja.

---

Niyo_Buja · saa 7:18 mchana

😅 Niliyemrithi kazi. Sharti tumeliondoa pia.

---

Karani_Kigoma · saa 8:02 mchana

Mzee, nimemuuliza. Anasema alisimamisha seva ya zamani, ambayo ilikuwa Ubuntu, akanakili folda nzima ya data, akaiwekea ile kontena, ikawaka bila shida. Ila kila akiingia kwenye psql kuna onyo limekuwa likitokea, wakalizoea:

```
WARNING: database "chama" has no actual collation
version, but a version was recorded
```

Na kuna jambo sikulisema kwa kudhani halihusiani. Mhasibu huwa anachukua orodha kutoka kwenye mfumo, anaiweka kwenye Excel, kisha anavuta namba za simu kwa VLOOKUP ili tutume ujumbe wa gawio. Mwezi uliopita Halima alilalamika kwamba ujumbe wake umekwenda kwa Baraka. Tukadhani ni makosa ya kuandika.

---

Binti_Pwani · saa 8:20 mchana

Hapo kwenye VLOOKUP niachieni, ndiyo kazi yangu. Ndugu Karani, fomula ya mhasibu ina sehemu nne au tatu?

---

Karani_Kigoma · saa 8:27 mchana

Tatu. `=VLOOKUP(A2,Namba!$A$2:$B$4200,2)`

---

Binti_Pwani · saa 9:04 alasiri

Basi Halima hakuonewa na mtu. Ukiiacha sehemu ya nne, Excel inachukulia kwamba orodha imeshapangwa, tena kwa kanuni yake yenyewe. Haisomi jina moja moja. Inafungua katikati, kama unavyotafuta neno kwenye kamusi, inaangalia jina lililopo, kisha inaamua kwenda mbele au kurudi nyuma. Nimetengeneza orodha ndogo ya watu saba kama mfumo wako unavyoitoa sasa:

```
1 BARAKA
2 JUMA
3 MWAJUMA
4 ZUHURA
5 asha
6 halima
7 salima
```

Mtafute halima. Excel inafungua katikati, ya 4, inakuta ZUHURA. Kwa Excel herufi kubwa na ndogo ni kitu kimoja, na h iko kabla ya z, kwa hiyo inaamua halima yuko juu. Wale watatu wa chini hawataangaliwa tena. Inafungua ya 2, JUMA. H iko kabla ya j, inapanda. Ya 1 ni BARAKA; b iko kabla ya h, na juu yake hakuna mtu mwingine. Basi inasema huyu ndiye wa karibu zaidi, inaleta namba ya Baraka. Hakuna rangi nyekundu wala kelele.

Salima kwa njia hiyo hiyo anapata namba ya Mwajuma. Asha anapata `#N/A`, kwa kuwa hata Baraka ni mkubwa kwake. Huyo ndiye mwenye bahati, maana kosa lake linaonekana.

Mwambie mhasibu aandike hivi:

```
=VLOOKUP(A2,Namba!$A$2:$B$4200,2,FALSE)
```

Hapo inatafuta jina lenyewe, mpangilio haujalishi. Na kwa hisani yenu, msitafute kwa jina. Tumieni namba ya uanachama. Hiyo FALSE haitakuokoa kwa akina Fatuma Ali wangu kumi na wawili, itakuletea wa kwanza tu.

---

Mzee_wa_Seva · saa 9:40 alasiri

Binti Pwani amelimaliza la Excel. Sasa niwaoneshe kwamba ugonjwa huohuo umo ndani ya kanzidata, na huko hakuna FALSE ya kuandika.

Indeksi ya PostgreSQL kwenye safu ya maandishi nayo ni orodha iliyopangwa, na utafutaji wake ni uleule wa kufungua katikati. Indeksi zenu zilijengwa kwenye Ubuntu kwa kanuni za glibc, halafu zikabebwa jinsi zilivyo hadi Alpine, ambako zinasomwa kwa baiti. Mtafutaji anageuka kushoto pale alipopaswa kwenda kulia. Mwanachama yupo kwenye jedwali, lakini ukimuuliza mfumo unasema hayupo. Lile onyo lilikuwa linasema hivyo hivyo kwa lugha ya kiserikali.

Mna safu yoyote ya maandishi yenye sharti la kutojirudia? Na je, kuna mtu aliwahi kuambiwa hayupo wakati yupo?

---

Karani_Kigoma · saa 10:15 alasiri

Mzee, unanitisha sasa. Jina la kuingilia kwenye simu lina sharti hilo, safu inaitwa `ingia`. Na ndiyo, kuna mama alikuja mwezi wa tatu akaambiwa hayumo, karani mwenzangu akamsajili upya kwa jina lilelile la kuingilia. Mfumo ulikubali.

---

Mzee_wa_Seva · saa 10:38 alasiri

Ulikubali kwa sababu sharti lenyewe linalindwa na indeksi ileile iliyopotea njia. Thibitisha kwanza:

```sql
CREATE EXTENSION IF NOT EXISTS amcheck;
SELECT bt_index_check('wanachama_ingia_key');
```

Ikileta `item order invariant violated`, imeharibika. Kisha watafute waliojirudia, lakini izuie kanzidata isitumie indeksi, la sivyo unamuuliza mwongo kuhusu uongo wake:

```sql
SET enable_indexscan = off;
SET enable_indexonlyscan = off;
SET enable_bitmapscan = off;
SELECT ingia, count(*) FROM wanachama
GROUP BY ingia HAVING count(*) > 1;
```

Msikimbilie `REINDEX` kabla ya hapo. Kama kuna waliojirudia, itagoma na kusema haiwezi kujenga indeksi ya upekee. Wala msirudishe folda kwenye Ubuntu mkidhani mtarudi salama, maana tangu mwezi wa pili kuna maingizo mapya yaliyopachikwa kwa mpangilio wa baiti. Sasa indeksi ina mpangilio wa aina mbili na haiko sahihi popote.

---

Kiboko255 · saa 11:05 jioni

Nafuta kauli. Ila swali: tukihamia imeji ya kawaida, ile ya Debian, si tutakuwa salama moja kwa moja?

---

Mzee_wa_Seva · saa 11:30 jioni

Salama zaidi, siyo moja kwa moja. glibc nayo ilibadilisha kanuni zake kwa kishindo kwenye toleo la 2.28, mwaka 2018. Kabla yake, `11` ilitangulia `1-1`. Baada yake, `1-1` ndiyo inatangulia. Waliopanda kutoka Ubuntu 18.04 kwenda 20.04 bila kujenga indeksi upya walivuna hikihiki mnachovuna ninyi. Mimi siku hizi naanzisha kanzidata kwa ICU tangu mwanzo.

---

Niyo_Buja · saa 11:52 jioni

Lakini ICU nayo ina matoleo, Mzee, na kanuni zake hubadilika. Mimi ningeacha kanzidata yote kwenye `C`, baiti hazibadiliki milele, halafu nataja `COLLATE` kwenye amri za kuchapa orodha tu.

---

Mzee_wa_Seva · saa 12:10 jioni

Hoja yako ina uzito. Tatizo lake ni kwamba siku moja atakuja kijana mwingine, ataandika `ORDER BY jina` peke yake, na Étienne atarudi ukurasa wa mwisho. Kila mtu na maumivu anayoyachagua.

---

Karani_Kigoma · Jumatano, saa 2:50 asubuhi

Wakuu, mrejesho. `amcheck` ilipiga kelele kama Mzee alivyosema. Waliojirudia ni watatu, akiwemo yule mama. Michango yake ya miezi miwili ilikuwa imeingia kwenye akaunti ya pili, ndiyo maana salio lake la zamani lilikuwa limesimama. Tumewaunganisha mmoja mmoja, na kamati imesaini.

Kisha kijana alichukua `pg_dump`, akairudisha kwenye imeji ya `postgres:15` ya kawaida, kanzidata mpya. Indeksi zilijengwa upya zenyewe na onyo halipo tena. Mhasibu ameweka FALSE na anatafuta kwa namba ya uanachama.

Limebaki la Ng'wandu. Mzee alisema tutalirudia.

---

Mzee_wa_Seva · saa 3:25 asubuhi

ICU unaweza kuiambia iruke alama, kwa kutengeneza kolesheni yenye `und-u-ka-shifted`. Lakini ina gharama: inaruka na nafasi kati ya maneno pia. "Ali Zuberi" inasomwa alizuberi, kwa hiyo "Alima Hassan" anamtangulia. Excel hairuki nafasi, kwa hiyo mtaanza kutofautiana upya mahali pengine.

Kwa karatasi ya uhakiki mimi ningeondoa ritifaa wakati wa kupanga tu:

```sql
SELECT jina FROM wanachama
ORDER BY translate(jina, '''’', '')
  COLLATE "und-x-icu";
```

Angalia, humo nimeweka ritifaa mbili, iliyonyooka na iliyopinda. Nadhani mnazo zote.

---

Karani_Kigoma · saa 4:18 asubuhi

Tunazo! Waliojisajili kwa simu wengi wana ile iliyopinda. Nimehesabu akina Ng'wandu: ishirini na saba wana iliyonyooka, tisa wana iliyopinda. Kwenye karatasi ya zamani wale tisa walikuwa wamekaa peke yao baada ya Nguma, nami nikadhani ni ukoo mwingine.

Nimeendesha hiyo amri. Ngassa, Ngowi, Nguma, halafu Ng'wandu wote thelathini na sita pamoja. Tumesomeana na mhasibu kurasa kumi za kwanza bila kukwama.

---

Binti_Pwani · saa 4:40 asubuhi

Hongera. Ila mimi siko radhi na huo mpangilio. Ng' ni sauti yake, siyo Ng yenye kidoti juu. Kwa nini Ng'wandu achanganywe na Ngw kwa sababu tu Excel imeamua ritifaa ni takataka? Ningependa akina Ng' wote wakae kundi moja, baada ya Ng yote.

---

Mwl_Hesabu · saa 5:01 asubuhi

Hapo naungana na Binti Pwani. Na ile ya 1, 10, 2 je, mbona hamkunijibu? Vyumba vya bweni letu vinatoka hivyo.

---

Mzee_wa_Seva · saa 5:15 asubuhi

Mwalimu, yako ni `und-u-kn-true`, inasoma tarakimu kama namba hata zikiwa ndani ya maandishi. Fungua uzi wake nitakuja.

Binti Pwani, kundi la Ng' peke yake linawezekana kwa safu ya ziada ya kupangia. Lakini kwanza inabidi watu wakubaliane kwamba linakaa hapo.